Mfungo Sita

Wakili Vedasto ana akili nyingi na mwandiko mbaya, na hivyo viwili ndivyo vilivyonipa ajira kwa miaka tisa. Yeye huwasikiliza mashahidi na kuandika kwenye daftari, maneno yakikimbizana kama siafu walioguswa, kisha huchapa mwenyewe rasimu ya maelezo ya shahidi. Baada ya hapo mimi hupewa rasimu na daftari, nikakaa navyo dirishani na kufananisha. Naangalia majina, tarehe, na lipi lilitangulia lipi. Siongezi, sipunguzi. Kosa likiwa la mwandishi, narudisha alichosema shahidi. Shaka ikiwa ya shahidi mwenyewe siigusi. Naandika swali pembeni, akaulizwe yeye. Watu hudhani kazi hii ni ya kupiga pasi, kunyoosha mikunjo tu. Waje wakae dirishani siku moja.

Rasimu ya Bi Fakhria niliipokea Alhamisi asubuhi, na nilikuwa na haraka nayo kuliko zote nilizowahi kushika, kwa sababu ilikuwa kesi ya Lamya.

Lamya ni binti wa marehemu Mzee Thabit Salum, mfanyabiashara wa mtaa wa Isevya. Aliachika akiwa na mtoto mmoja, Sheima, akarudi kwa baba yake, na akamtunza mzee yule miaka kumi na moja hadi alipomfumba macho. Kaka zake watatu walikuwa wakija sikukuu, wakala, wakaondoka. Mkubwa wao, Azhar, ana maduka Nzega. Baada ya msiba ndipo walipokumbuka kwamba kuna nyumba. Lamya akawaambia nyumba ile baba alimpa yeye kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi wawili. Azhar akasema hakuna kitu kama hicho, nyumba irudi kwenye mirathi, iuzwe, kila mtu achukue fungu lake. Fungu la Lamya, akiwa binti mmoja kati ya wana watatu, ni moja kati ya saba. Kwa fungu hilo hanunui hata uwanja wa kuanikia nguo.

Nami sikuwa mtu baki. Lamya ndiye aliyemwosha mama yangu alipofariki, wakati dada zangu wa damu walikuwa wanagombana uani nani ashike kopo. Wakili alijua hivyo, nilimwambia siku ya kwanza. Akasema Tabora nzima ni jamaa, akisubiri karani asiyemjua mtu atafunga ofisi.

Kati ya mashahidi wale wawili, Mzee Twalibu alikwisha kufa. Alibaki Bi Fakhria, jirani wa zamani, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye sasa anaishi Tura kwa mjukuu wake Yaser. Mahakama ilikuwa imeagiza ushahidi wa msingi uletwe kwa maandishi, halafu shahidi atasimama kuulizwa maswali juu ya hayo aliyoandikisha. Mwisho wa kupeleka ulikuwa Jumatatu. Wakili alikwenda Tura Jumanne peke yake, akarudi anapiga mluzi.

"Tumepata," aliniambia. "Mzee alitoa nyumba mwezi wa sita. Ugonjwa ulianza wa nane. Azhar hana pa kushika."

Hapo nieleze, kwa sababu kila kitu kimekaa juu ya jambo hili. Kwa sheria ya Kiislamu inayofuatwa na familia ile, mtu mzima wa afya anaweza kumpa amtakaye mali yake, na akishaitoa na kuikabidhi, imetoka. Lakini akiwa kwenye maradhi yatakayomuua, hawezi kumpa mrithi mmoja na kuwaacha wengine. Warithi wengine wakikataa, zawadi hiyo haisimami. Azhar alikuwa ameweka mahakamani vyeti vya hospitali vinavyoonyesha kwamba tangu Agosti mwaka 2019 baba yao alikuwa amelazwa na kutolewa kwa maradhi ya ini, na akafa nayo Januari iliyofuata. Lamya katika majibu yake alikuwa ameandika tu kwamba alipewa nyumba "mwaka 2019". Kwa hiyo kesi nzima ilikuwa ni swali moja: kabla ya Agosti, au baada yake.

Nikaanza kusoma. Kosa la kwanza lilikuwa aya ya tatu, ambapo marehemu ameitwa Salum Thabit. Huyo ni baba yake aliyekufa kabla sijazaliwa. Nikacheka, nikaandika pembeni. Kosa la pili, aya ya nane, halikunichekesha: "akamwambia Sheima, nyumba hii nimekupa." Daftari lilisema Mama Sheima, kama Bi Fakhria anavyomwita Lamya siku zote. Neno moja limedondoka, na nyumba imehamia kwa binti aliyekuwa bado shuleni. Nikaandika.

La tatu lilikuwa la mpangilio. Rasimu ilisema mzee alitamka, kisha akafa, akazikwa, na katika aya ya kumi na moja, baada ya maziko, ndipo Lamya anapewa funguo na karatasi za nyumba. Hilo lingemzika Lamya na baba yake pamoja, kwani zawadi isiyokabidhiwa mtoaji akiwa hai si zawadi. Nikalitazama daftari. Ndivyo maneno yalivyofuatana mle pia, ila kabla ya funguo wakili alikuwa ameandika "analia, tumepumzika". Nikajua kilichotokea. Mtu mzima wa kwetu akihadithia ya marehemu akafika kwenye kufa kwake, hawezi kukupitishia. Lazima umkalishe msiba kwanza. Akishalia ndipo anarudi nyuma kuokota alichokiacha. Wakili aliandika kwa mpangilio wa machozi. Lakini kujua kwangu si ushahidi. Nikaandika swali: Funguo alipewa lini?

Nilikuwa na furaha, sifichi. Nilijiona nampigania Lamya kwa kalamu, kosa moja baada ya jingine. Nikaagiza chai.

Kisha nikafika aya ya saba. "Tulimkuta ameketi." Daftari lilisema: "Tulimkuta ameketi kitandani." Saa nne asubuhi. Mzee Thabit nilimjua. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya muadhini, saa nne asubuhi utamkuta dukani anagombana na mizani. Mzee yule hawezi kuwa kitandani saa nne akiwa mzima. Nikarudi mwanzo wa aya kuangalia mwezi. Rasimu: "mwezi wa sita, mwaka 2019." Daftari, kwa ule mwandiko wa siafu: "mfungo sita, 2019."

Chai ilipoa mezani.

Vedasto ni mtoto wa wakulima Wakatoliki wa vijijini Nzega. Anajua Kwaresima inaanza lini na pamba inavunwa lini. Hajui, na sina wa kumlaumu, kwamba wazee wa Kiislamu wa mjini huihesabu miezi kuanzia Ramadhani inapokwisha: mfungo mosi, mfungo pili, hivyo hivyo. Mfungo sita ndio mwezi wa maulidi, na hautulii kwenye kalenda ya ukutani, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi na moja hivi. Yeye aliona sita akaandika sita. Nikafungua simu kuhakikisha ninachokijua tayari. Mwaka 2019 maulidi yaliangukia Novemba.

Nilikaa na daftari lile hadi adhana ya adhuhuri. Nitasema kweli, maana nimewaandikia wengi kweli zao: nilifikiria kulifunga. Rasimu ilikuwa ya wakili, si yangu. Mtu mwingine angeweza kukosa kuona. Mke wa mchungaji wa Moravian aliyekuwa karani kabla yangu asingeona. Nilimfikiria Lamya akitoa vitu vyake nje, masufuria, cherehani, godoro, na Azhar amesimama mlangoni na funguo. Nikamchukia Azhar, nikamchukia wakili na mluzi wake, na zaidi ya wote nikalichukia jicho langu.

Halafu nikaandika pembeni: Aya ya 7, daftari linasema mfungo sita, na linasema kitandani. Nikampelekea.

Alisoma, akaniuliza mfungo sita ni nini, nikamweleza. Uso ukambadilika kama mtu aliyeambiwa gari lake limeibwa. Aliuliza kama kuna uwezekano kwamba bibi alimaanisha mwezi wa sita wa kawaida. Nikamjibu kwamba hilo halijui yeye wala mimi, analijua aliyesema. Alitembea dirishani, akarudi, akasema tunaweza pia kutompeleka kabisa, sheria haitulazimishi kumwita shahidi. Kisha akajijibu mwenyewe. Bila Bi Fakhria hakuna aliyesikia, hakuna aliyeona funguo, na nyumba inarudi kwenye mirathi mchana kweupe.

"Naye wakili wa Azhar ni Nurdini," akasema. "Huyo hesabu ya maulidi anaifanya kabla hajamaliza kuvua koti."

Nikamwambia hata Nurdini angekuwa kipofu, bado bibi hakusema Juni. Hakunibishia. Ni kijana mzuri, nimefanya kazi na wabaya zaidi. Akaniomba kesho twende wote Tura nikamsomee bibi mimi, kwa kuwa mimi namjua anavyosema, na maswali niulize mimi.

Ijumaa asubuhi tukashika barabara ya mashariki. Ni njia ileile waliyopita wapagazi na pembe mabegani. Sasa ni lami, na malori ya mafuta. Karibu na Tura wakili alisema, bila kunitazama, kwamba labda ulikuwa mwaka wa nyuma yake, wazee huchanganya miaka. Nikamwambia labda. Nilitamani iwe hivyo hata nikasoma dua kimoyomoyo, na sikuona haya.

Bi Fakhria tulimkuta barazani nyuma ya duka la Yaser, anachambua mchele. Shikamoo zikapita na marahaba zake, na habari za Isevya, nani kafa, nani kaoa. Macho yamepungua nguvu, lakini kichwa kizima kuliko changu. Herufi za Kiarabu anazisoma, hizi zetu hazijui, kwa hiyo utaratibu ni asomewe neno kwa neno, na msomaji aandike chini kwamba amemsomea na ameelewa, na atie saini yake. Msomaji ndiye mimi.

Nikamweleza kwamba nitasoma polepole, na mahali popote akisikia si alivyosema, au si ilivyokuwa, anisimamishe. Kwenye jina la marehemu alinisimamisha kabla sijafika mwisho. Akamgeukia wakili. "Baba, huyo Salum Thabit umemfufua wewe?" Wakili akaomba radhi. Nikalikata kwa mstari mmoja, ili kilichokatwa kisomeke, nikaandika jina sahihi juu yake, na bibi akaweka dole gumba pembeni. Kwa Sheima ikawa hivyo hivyo. Alisema Sheima siku ile hakuwepo hata nyumbani.

Kwenye funguo niliuliza tu nilivyoandika: alipewa lini?

"Palepale," akasema. "Alipokwisha kusema akaingiza mkono chini ya mto, akatoa funguo na bahasha ya karatasi, akampa mkononi. Twalibu akasema, pokea useme nimekubali. Mama Sheima akasema nimekubali. Chai ilikuwa haijaletwa."

Wakili aliandika haraka, kwa sababu huo ulikuwa ushahidi wa dhahabu, kutoa, kukubali na kukabidhi, vyote katika pumzi moja. Tukahamisha aya ya kumi na moja ikawa ya tisa, kwa mshale na dole gumba. Ila mimi nilisikia chini ya mto.

Nikarudi aya ya saba, ambayo nilikuwa nimeiruka makusudi. Sikumsomea mwezi. Nikamwambia, Bibi, hapa daftari na rasimu havisemi kitu kimoja, nisaidie: ilikuwa lini?

"Si nilimwambia wakili? Mfungo sita. Tulikuwa tumetoka kwenye maulidi ya msikiti wa pale Isevya, siku ya tatu yake. Nikamwambia Twalibu, twende tukamtazame mgonjwa."

"Mwaka gani, Bibi?" akauliza wakili. Kisha, haraka: "Au labda ulikuwa mwaka mmoja nyuma?"

Nilikohoa. Hilo si swali, ni mkono wa kumwongoza mtu mlangoni. Lakini bibi hakuongozeka.

"Mwaka wa nyuma alikuwa mzima, tulikaa naye maulidini hadi mwisho," akasema. "Huu ninaousema ni ule Yaser alipofunga duka la Isevya tukahamia huku. Tulihama mwezi ule ule. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa wa manjano, macho yote, tumbo limejaa. Hakusimama."

Yaser, aliyekuwa mlangoni akisikiliza, akasema walihama mwishoni mwa Novemba 2019, leseni ya duka ipo ukutani. Hakuna aliyemwuliza. Wakili aliitazama ile leseni kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta kosa la uchapaji.

Bi Fakhria akaacha kuchambua mchele. Watu wa umri wake hawahitaji kuelezwa kila kitu. Akaniuliza kama amesema vibaya. Nikamwambia hajasema vibaya. Akauliza, kwani mwezi una nini? Wakili akamweleza kwa ufupi na kwa adabu, hilo la mzima na mgonjwa. Nilimtazama bibi akielewa. Akauweka ungo chini.

"Basi andikeni mnavyojua nyinyi mliosoma," akasema. "Mwezi ni kitu gani? Neno alisema, kwa masikio haya. Funguo alitoa. Binti yule alimlea baba yake kama kifaranga. Andikeni huo mwezi wenu wa sita, mimi nitaweka dole."

Sikumwangalia wakili, na sitasema kama yeye aliniangalia. Yaser alitoka mlangoni akaenda dukani. Wino ulikuwa wazi katikati yetu, na karatasi ilikwisha kuandikwa hivyo. Hapakuwa na cha kufanya ila kutofanya chochote. Hicho ndicho kilichonitisha. Uongo mwingine unahitaji kazi, huu ulihitaji ninyamaze tu.

"Bibi," nikamwambia, "siwezi kukuandikia ambacho hukukiona. Utasimama mbele ya mahakama, utaapa, na watakuuliza ulitoka wapi siku hiyo. Utasema maulidini. Halafu hata ile kweli ya funguo hawataiamini tena."

"Na nikisema hivi, watampa nyumba?"

Wakili alitakiwa kujibu. Alijibu kwamba kama kaka zake watakubali kuipitisha, ndiyo. Bibi akauliza kama Azhar atakubali. Azhar alikwisha kuulizwa mara mbili, kwa barua na kwa masheikh, na mara zote mbili alisema sheria ni sheria. Mwenye haki ya sheria hupenda sana kuitaja.

Nikakata "mwezi wa sita" kwa mstari mmoja. Wakili akaniambia niandike Novemba. Nikakataa, bibi hakusema Novemba, aliyesema ni Yaser. Nikaandika maneno yake: mfungo sita, siku ya tatu baada ya maulidi, mwaka tuliohamia Tura, 2019. Nikarudisha "kitandani" mahali pake. Yale ya manjano na tumbo, na ya kutoa funguo chini ya mto, yalikuwa mapya, hayamo kwenye daftari. Nikamwuliza kama anataka yaandikwe. Akafikiri, midomo ikitembea bila sauti.

"Nilichokiona nimekiona," akasema. "Andika."

Nikamsomea upya kutoka mwanzo hadi mwisho. Aliweka dole gumba penye kila rekebisho, na la mwisho chini kabisa. Kurasa tatu zilijaa madoa ya rangi ya zambarau. Nami nikaandika kwamba nimemsomea shahidi na ameelewa, jina langu, saini yangu, tarehe. Saini ilitoka safi kama siku zote, na hilo lilinikasirisha pia. Tulipoaga alinishika akaniambia nimwambie Mama Sheima kwamba yeye hakutaka. Kisha akasema nisimwambie hivyo, maana hajui alichokuwa hakitaki ni kipi.

Njiani kurudi wakili alikuwa akifikiri kwa sauti. Atamwandikia Nurdini tena kuomba suluhu, labda wamwachie Lamya chumba na uani. Atajenga hoja kwamba mzee alijua anachofanya. Atatafuta daktari aseme kwamba mwezi ule hakuwa na hofu ya kufa. Nilimsikiliza, nikamwacha. Mtu akizama humkatazi kushika majani. Ila mzee wa manjano mwenye tumbo lililojaa hana daktari wa kumgeuza mzima, na Vedasto alilijua hilo kuliko mimi.

Aliniomba nimpelekee Lamya habari, kwa kuwa mimi ni rafiki. Uoga huo nilimsamehe, kwani ningemwomba mtu vivyo hivyo kama kungekuwa na wa kumwomba. Nikachukua nakala, nikateremka Isevya alasiri ileile.

Lamya alikuwa uani anafua. Alifuta mikono, akanikaribisha ndani, akataka kuteleka chai, nikamwambia akae kwanza. Nikamwambia kulikuwa na makosa kwenye rasimu na tumeyasahihisha. Nilianza na yale mazuri, jina la baba yake, jina la Sheima, funguo. Maneno yalikuwa mengi kuliko yalivyohitajika. Alinitazama tu, mikono mapajani, na nikakumbuka Vedasto alivyosimulia kwamba Jumanne alipompigia simu kumwambia "mwezi wa sita, tumeshinda", Lamya alinyamaza kabisa, na yeye akadhani ni furaha.

"Nisomee," akasema.

Nikamwambia si lazima leo. Akarudia, nisomee hapo penye mwezi. Nikasoma aya ya saba kama ilivyo, na niliyoyakata na niliyoyaandika juu. Mfungo sita, siku ya tatu baada ya maulidi. Tulimkuta ameketi kitandani. Alikuwa wa manjano, macho yote, tumbo limejaa, hakusimama. Aliingiza mkono chini ya mto. Sauti yangu ilikuwa ya karani, kavu, sikujua nyingine ya kutumia. Nilipomaliza sikuinua macho. Nilingoja anitukane, na ningeona afueni.

Nje maji ya beseni yalikuwa yanachuruzika kwenye sementi.

"Hata ule mto ameukumbuka," akasema Lamya. Akajifuta uso kwa kanga, mara moja. "Ndivyo ilivyokuwa, Zuena. Mmeandika vizuri."

Kisha akainuka kwenda kuteleka ile chai, na mimi nikabaki nimekaa ndani ya nyumba yake.